Kivuli juu ya vidato: kukikata au kukiachia Displace

"Nimemweka babu mbele ya ngazi za ukumbi, lakini kivuli chake kimelala juu ya vidato kama kitambaa kilichotandikwa. Nitumie Displace au nikikate kipande kwa kipande?"

Wanaotetea Displace, kichujio cha Photoshop kinachopinda picha, wana hoja. Unanakili picha ya ardhi, unaiondoa rangi, unaitia ukungu kidogo na kuihifadhi kama faili la PSD. Kisha programu inasukuma kila nukta ya kivuli kwa kufuata mwanga wa nakala hiyo. Kijivu cha 128 hakisukumi kitu, ilhali nyeupe na nyeusi husukuma kwa nguvu zote, kila moja upande wake. Kwenye kokoto au nyasi sioni haja ya njia nyingine, kwani hakuna atakayekagua jiwe mojamoja.

Kasoro yake ni kwamba inasoma mwanga na kuudhania kuwa ni kimo. Doa la maji kwenye kidato kilicho bapa litakipinda kivuli kana kwamba pana shimo, na kivuli kinachojikunja mahali pasipo na ukingo wowote ndiyo dalili yake.

Ngazi zina kanuni. Miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, hivyo kivuli cha mtu aliyesimama wima hubaki wima kwenye kila uso wa wima, na kwenye sehemu za kukanyagia vipande vyote huelekea upande mmoja, vikiungana kwenye kila ukingo. Tuseme babu ana sentimita 170, yuko sentimita 60 kutoka kidato cha kwanza, jua liko mgongoni mwake kwa nyuzi 45, na kila kidato kina kimo cha sentimita 17 na upana wa 30. Kwenye uwanja bapa kivuli kingefika sentimita 170. Hapa kichwa kinaishia kwenye uso wa wima wa tatu, sentimita 120 kutoka miguuni na 50 juu ya ardhi. Ukikipinda huku ukikiacha kichwa kikiwa sentimita 170 kutoka miguuni kwa usawa wa ardhi, kitatua juu ya kidato cha nne, ambako mwale wake haufiki kamwe. Displace haiwezi kukokotoa hilo.

Kukata nako kuna gharama: kila uso unataka leya yake ya Multiply, iliyovutwa kwa Distort hadi pembe zikutane, na ukikosea upande wa jua unaanza upya. (Kamera ikiwa nyuma ya babu, kwenye mstari uleule wa jua, kivuli huonekana kimenyooka, na kazi yote hiyo ni bure.) Tena, jua likitokea nyuma ya ngazi, nyuso za wima tayari zimo kivulini; ukiongeza kivuli hapo utapata weusi maradufu.

Kwa ngazi za ukumbi ningekata, kisha kwenye kingo zilizomeguka tu nitumie Displace kwa kipimo kidogo, 3 au 4.