Kabla ya kumwita tapeli, kumbuka alichosema kabla hujatuma pesa

Mtu unayemdai laki mbili akizima simu, neno la kwanza mdomoni huwa "tapeli" na la pili ni "nitamshika na polisi". Hasira hiyo ina haki yake. Shida ni kwamba kesi nyingi za namna hii hufia mikononi mwa mpelelezi au mbele ya hakimu, na anayeumia ni yuleyule aliyeibiwa usingizi.

Chukua mwenye kinu cha unga mjini Nakuru anayetaka magunia 80 ya mahindi, kila gunia shilingi 3,500. Broka anampigia na kusema: "Mahindi yako stoo Moi's Bridge, yamekauka, tuma laki mbili nipakie." Anatuma kwa M-Pesa. Lori halifiki. Kwanza liliharibika Timboroa, halafu dereva akaugua, halafu simu ikazimwa.

Wengi wetu tungeshikilia ule uongo wa Timboroa, kwa sababu ndio unaouma. Lakini huo ulisemwa baada ya pesa kutoka, kwa hiyo haukuzitoa. Kifungu cha 312 cha sheria ya jinai ya Kenya kinataka uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, na msemaji awe anajua si kweli. Kisha, kwa kosa la kifungu cha 313, ambacho adhabu yake ni hadi miaka 3 jela, ni lazima pesa ziwe zilitolewa kwa sababu ya uongo huo. Swali basi ni moja: siku ile anasema yako stoo, mahindi yalikuwepo?

Hapo ndipo pa kuchimba. Nenda Moi's Bridge ukaulize mwenye stoo ni nani, nani aliweka mahindi humo, na kama broka aliwahi kukodi hata kona. Mwenye stoo akisema hamjui kabisa, hilo ni jambo la polisi. Pia uliza kama kuna wanunuzi wengine waliouziwa magunia yaleyale wiki hiyohiyo. Lakini ukikuta mahindi yalikuwepo, ila broka akayauza kwa aliyeongeza bei, una mkataba uliovunjwa. Inaudhi, ila ni kesi ya madai, si ya jinai.

Sasa badilisha maneno kidogo. Tuseme broka alisema: "Wakulima wanavuna wiki ijayo, nitakupatia magunia 80." Hiyo ni ahadi ya kesho. Katika kesi ya Oware dhidi ya Jamhuri, mwaka 1989, Mahakama ya Rufaa ilisema kauli kuhusu jambo la baadaye haiwezi kubeba shtaka la kupata pesa kwa udanganyifu. Mvua ikinyesha au bei ikipanda akashindwa, anakuomba msamaha nawe unamdai pesa.

Kuna mlango mmoja watu husahau. Kama ulimtuma akununulie kwa niaba yako kwa pesa zako, kwa kamisheni, naye akalipia boda yake ya mkopo, basi huenda ni wizi wa wakala, kifungu cha 283. Tofauti iko kwenye makubaliano: alikuuzia chake, au alibeba chako?

Ukienda kituoni, usianze na "hataki kunilipa". Anza na maneno yake yenyewe, tarehe na saa, kisha ujumbe wa M-Pesa unaofuata, kisha ulichokikuta stoo. Usifute meseji hata moja, na usiiache simu ipotee. Ondoka na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Afisa akijitolea "kumsukuma alipe", mimi ningekataa: kituo si ofisi ya kukusanya madeni, na mkikaa mezani mkaandikishana malipo ya kila mwezi, wakili wake atauliza kwa nini unaita utapeli kile ulichokubali kukilipisha kidogokidogo.

Kwa deni, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria inataka hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Zipo Nakuru na Kisumu. Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6, lakini kadiri unavyokawia ndivyo mashahidi wanavyohama.

Broka akikuletea hundi ya tarehe ya mbele ili akutulize, ipokee. Ikirudi kwa kukosa pesa, usikimbilie polisi nayo, kwa sababu kifungu cha 316A, kinachohusu hundi mbaya, hakiihesabu hundi ya tarehe ya mbele kwa kosa hilo. Ipeleke kwa karani wa Madai Madogo pamoja na karatasi ya benki inayoonyesha imerudi: sahihi yake iko hapo, na kiasi anachodaiwa amekiandika mwenyewe.