18 kwa Mia, ya Mwaka wa Siku Ngapi?

"Nilikopa dola 10,000 banki, hapa Lubumbashi. Tulipatana 18 kwa mia kwa mwaka, nirudishe yote mara moja mwaka ukiisha. Siku ya kulipa wakaniandikia intere ya dola 1,825. Hizo 25 zimetoka wapi?"

Mama, asilimia haikuguswa. Banki ilichukua intere ya mwaka, dola 1,800, ikaigawa kwa 360, ikapata dola 5 za kila siku. Kisha ikahesabu kwa kalenda siku ulizokaa na pesa, zikafika 365. Tano mara 365 ni 1,825. Ingegawa kwa 365, siku moja ingekuwa dola 4.93 na jumla ingebaki 1,800. Wakati wa kugawa, mwaka ni mfupi. Wakati wa kulipa, mwaka ni mrefu. 18 yako imekuwa 18.25, na katika mwaka wa siku 366, kama 2028, ingekuwa 18.30.

Wengi wakiona 360 kwenye mkataba wanapiga kelele hapo hapo. Namba hiyo peke yake haina kosa. Iko njia nyingine ya 360 ambamo kila mwezi unahesabiwa siku 30, uwe Februari au Agosti. Humo siku za kugawa na siku za kulipa zinalingana, na wewe ungelipa 1,800 kamili. Ila njia hiyo nayo ina meno yake. Ukikopa dola hizo hizo tarehe 1 Februari na kurudisha tarehe 1 Machi, umekaa nazo siku 28, lakini unalipa za siku 30: dola 150. Kwa siku za kalenda juu ya 360 ungelipa 140, na juu ya 365, dola 138.08. Anayeagiza unga Kasumbalesa kwa deni la mwezi mmoja ana sababu ya kuuliza hata jina la mwezi.

Banki ina hoja ya kweli. Soko la dola duniani, ambako mabanki yanakopeshana kwa muda mfupi, huhesabu siku za kalenda juu ya 360. Soko la yuro ni vile vile. La pauni ya Uingereza hutumia 365. Banki inayonunua dola kwa kipimo kimoja na kuziuza kwa kipimo kingine inajitafutia hasara yenyewe. Tena zamani, hesabu ikifanywa kwa kalamu, 360 ilikuwa namba ya rehema: inagawanyika kwa 12, kwa 30, kwa 90, bila mabaki.

Hoja ya kalamu leo haina nguvu, kompyuta haichoki. Ile ya soko naikubali kati ya banki na banki, au na kampuni ya madini yenye watu wake wa hesabu. Kwa mtu wa dukani, 18 iliyotamkwa mezani inapaswa kuwa 18 itakayolipwa. Kule Ufaransa, mahakama ya juu imekwisha kuamua kwamba mkopo wa mtu wa kawaida uhesabiwe kwa mwaka wa kalenda, ila wafanyabiashara wanaweza kupatana vingine. Mgawanyo huo wa watu naona una haki, ingawa uamuzi wa kule haufungi banki ya hapa. Na kama banki inakukopesha juu ya 360, akiba yako nayo ihesabiwe juu ya 360. Ikikulipa juu ya 365, hoja yake ya soko imeanguka.

Kujua kipimo kilichotumika si kazi ngumu. Zidisha deni kwa asilimia, kisha kwa siku za kalenda, ugawe kwa intere uliyotozwa:

```
10000 × 0.18 × 31 / 155 = 360
```

Hapo ni deni la siku 31 lililotozwa dola 155. Ukipata karibu na 365, ni mwaka wa kalenda. Ukipata 372, usishtuke: umetozwa dola 150, za mwezi wa siku 30.

Ukipata namba ndogo kuliko 360, angalia tarehe. Huenda wamehesabu siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, zote mbili, wakati moja tu ndiyo inayohesabiwa. Kwa deni la siku 30 utatozwa 155 badala ya 150, na hesabu hiyo itakupa kama 348. Siku hiyo moja inaongeza zaidi ya 3 kwa mia juu ya intere yako. Ugomvi wote wa 360 na 365 haufiki hata 1.4 kwa mia. Kwa hiyo, Mama, kwa madeni yako mafupi ya kuleta mzigo, anza kuhesabu siku kwa vidole kabla ya kugombana juu ya kigawanyo.