Bonyeza usiachie: anwani ya linki isomwe kabla linki haijafunguka

Kila taasisi siku hizi ina tangazo lake la tahadhari, na karibu yote yanasema jambo moja: usifungue linki usiyoijua. Wanaojitahidi zaidi huongeza kwamba uweke mshale wa kipanya juu ya linki, usome anwani inayotokea chini ya skrini. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, sawa. Lakini wengi wetu tunasoma barua pepe kwenye simu, na simu haina kipanya. Linaloniudhi ni kwamba njia ya kwenye simu ipo, haigharimu hata bando, na wanaoitaja huishia kusema "bonyeza kwa muda mrefu" kisha wanamwacha mtu na menyu mbele ya macho, hajui aangalie wapi wala anatafuta nini.

Tuanze na kitendo chenyewe. Unaweka kidole juu ya maneno ya linki na kukiacha hapo kama nusu sekunde, mpaka simu itetemeke kidogo au menyu itokee. Ukikitoa mapema, simu inahesabu kwamba umegusa tu, na linki inafunguka. Kikiteleza, inadhani unasogeza ukurasa. Kwa hiyo kaza kidole, tulia, na kama mkono haujazoea, jifunzie kwenye linki ya barua unayoiamini, si kwenye ile inayokutia shaka. Kwenye Gmail ya Android anwani hujitokeza juu ya menyu. Kwenye Chrome nayo iko juu, ila ikiwa ndefu hukatwa, na ukiigusa hiyo anwani yenyewe inajifungua yote. Kuondoka bila kufungua kitu, gusa pembeni, nje ya menyu.

Kwenye iPhone mambo ni tofauti, na hapa ndipo ushauri wa nusu nusu unapomuumiza mtu. Tangu iOS 13, ukibonyeza bila kuachia linki kwenye Mail au Safari, simu inakuletea picha ya ukurasa wenyewe. Watu wanafurahia picha hiyo: wanaona nembo ya benki, rangi zake na sehemu ya kuingiza nenosiri, wanasema ni kweli. Picha hiyo haijathibitisha chochote. Nembo na rangi ni vitu ambavyo tapeli ananakili kwa dakika chache. Tena simu haiwezi kukuonyesha ukurasa bila kuufuata ulipo, maana yake umeshautembelea. Linki nyingi za kitapeli zina namba ya siri ya mpokeaji mwishoni, kitu kama `?id=84c1`, hivyo seva ya upande wa pili imeshajua kwamba barua iliyotumwa kwako imesomwa na mtu aliye hai. Hata kwenye barua halali kuna hasara: linki ya kubadili nenosiri inayotumika mara moja tu inaweza kuchukuliwa kuwa imeshatumika kwa sababu ya picha hiyo, nawe ukiifungua kweli unaambiwa imekwisha muda.

Dawa yake iko kwenye picha hiyohiyo. Juu, pembeni mwa picha, kuna maandishi `Hide Preview`. Yaguse. Picha inaondoka, inabaki anwani kwa maandishi, na simu inalikumbuka chaguo hilo ukibonyeza linki nyingine. Fanya hivyo leo, kwenye linki isiyo na madhara, ili siku ya barua ya mashaka simu iwe tayari inakuonyesha maandishi tu. Na angalizo moja: ukiigusa picha yenyewe kwa bahati mbaya, umefungua ukurasa. Chrome ya Android nayo ina `Preview page` kwenye menyu yake. Hiyo pia inaupakia ukurasa, iache.

Sasa tuichukue barua moja tuisome. Imekuja ikidai imetoka TRA, TIN yako ihakikiwe ndani ya saa 24, na ndani yake kuna maneno ya bluu yanayosomeka `www.tra.go.tz`. Kumbuka kwamba maneno ya bluu ni maandishi tu. Aliyeandika barua anaweza kuweka maneno yoyote juu, na chini yake anwani yoyote. Unabonyeza bila kuachia, inatokea hii (mwishoni nimeweka `.example`, ambayo imetengwa kwa mifano, asije mtu akaifungua):

```
https://www.tra.go.tz.uhakiki-tin.example/ingia?id=84c1
```

Macho yetu husoma kuanzia kushoto, nayo kushoto kumewekwa `www.tra.go.tz` makusudi. Anwani ya mtandao haisomwi hivyo. Ruka `https://`, kisha nenda mpaka mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani alama ya `/`. Simama hapo, urudi nyuma kuelekea kushoto. Mwenye nyumba, yaani anayemiliki anwani hiyo, yuko pale mwishoni kabla ya mkwaju, kama jina la ukoo linavyokaa mwisho wa majina ya mtu. Katika mfano huu ni `uhakiki-tin.example`. Vyote vilivyomtangulia, `www`, `tra`, `go` na `tz`, ni vipande ambavyo mwenye `uhakiki-tin.example` amejitungia mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Na baada ya mkwaju pia anaandika apendavyo, kwa hiyo neno `tra` likitokea upande ule halina uzito wowote.

Kwa anwani za kwetu, rudi nyuma vipande vitatu badala ya viwili, kwa sababu `go.tz`, `co.tz`, `go.ke` na `co.ke` ni miisho tu, si mwenye nyumba. Katika `https://www.tra.go.tz/` ukirudi kutoka kwenye mkwaju unakuta `tz`, `go`, kisha `tra`. Hapo umefika. Mwisho wa `go.tz` hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, ndiyo maana tapeli anauweka katikati: hawezi kuupata mwishoni. Angalia na vistari. `tra-go-tz.example` haina uhusiano wowote na `tra.go.tz`, maana kistari hakigawi kitu, nukta ndiyo inayogawa. Na ukiona alama ya `@` kabla ya mkwaju wa kwanza, kama hapa:

```
https://www.tra.go.tz@uhakiki-tin.example/
```

yote yaliyo kabla ya `@` hayaonyeshi linki inakokwenda. Mwenye nyumba mtafute baada yake.

Kuna tatizo moja la skrini ndogo. Anwani ya mfano wetu inaweza kukatwa ikabaki `https://www.tra.go.tz.uhak…`, yaani kinachofichika ni kile hasa ulichokuwa unakitafuta. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo sababu huzirefusha anwani kwa makusudi. Ukiona vinukta vitatu, usikadirie. Chagua kunakili, `Copy` au `Copy Link`, kisha ubandike kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu, usome yote mpaka mwisho. Usibandike kwenye brauza, maana hapo ni kugusa mara moja tu iwe imefunguka.

Kwenye WhatsApp ukibonyeza bila kuachia, mara nyingi unachopata ni kuuchagua ujumbe mzima, kwa ajili ya kuujibu au kuusambaza. Si hasara kubwa, kwa sababu kwenye ujumbe wa kawaida WhatsApp haifichi anwani chini ya maneno mengine: iliyoandikwa kwenye ujumbe ndiyo hiyo. Kosa la watu ni kusoma kadi iliyo juu yake, yenye picha na kichwa cha habari. Kadi hiyo hutengenezwa na simu ya mtumaji, tena kwa maneno ambayo mwenye tovuti amejiandikia. Iache, soma mstari wa anwani. Telegram ni kama barua pepe, maneno yanaweza kuficha anwani, kwa hiyo huko kubonyeza bila kuachia kunahitajika.

Kwenye Messages ya iPhone, linki iliyotoka kwa namba usiyoijua haifunguki mpaka uijibu namba hiyo au uiweke kwenye majina yako. Ni kinga nzuri. Ndiyo maana meseji za kitapeli sasa zinakuomba ujibu "Y", kisha utoke na kurudi kwenye ujumbe. Ukiona ombi hilo, huna haja ya kusoma anwani.

Nakubali, ingawa sipendi, kwamba mbinu hii ina ukuta wake. Kubonyeza bila kuachia kunakuonyesha kituo cha kwanza tu. Linki ikiwa `bit.ly/` na herufi chache, utaiona hiyo hiyo, wala hutajua inakokupeleka. Kwa bit.ly, inakili, ongeza `+` mwishoni kisha ufungue, utaletwa kwenye ukurasa wa bit.ly wenyewe unaoonyesha linki inaelekea wapi. Kwa TinyURL, weka `preview.` mbele ya `tinyurl.com`. Kwenye barua pepe za kazini unaweza kukuta anwani ndefu ya `safelinks.protection.outlook.com`. Huo ni ukaguzi wa Microsoft, na anwani halisi imo ndani, baada ya `url=`, ambapo `%3A` inasimama badala ya nukta mbili na `%2F` badala ya mkwaju. Inasomeka, inataka subira tu.

Ukuta mwingine umejengwa na walewale wanaotuonya, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Taasisi inatoa tangazo leo kwamba wateja wahakiki anwani, kesho inatuma meseji ya promosheni yenye linki fupi, au barua pepe ambayo kila kitufe chake kinapitia kampuni ya kutuma matangazo, mwenye nyumba akiwa jina ambalo mteja hajawahi kulisikia. Mteja aliyefuata maelekezo anabonyeza bila kuachia, anakuta jina geni, anapiga simu huduma kwa wateja, anaambiwa ni halali, fungua tu. Amefundishwa kwamba jina geni si neno, na barua ya kitapeli ikija wiki ijayo na jina geni, ataifungua kwa amani. Lawama hapo haiwezi kuwa yake.

Hakuna kinachowazuia kurekebisha. Linki za matangazo zinaweza kupitishwa kwenye kijina cha ndani ya anwani yao wenyewe, kwa mfano `barua.jinalao.co.tz`, na kampuni za kutuma barua pepe kwa wingi zina mpangilio wa kazi hiyo. Kwenye meseji, herufi zinazookolewa na linki fupi ni chache mno kulinganisha na imani inayopotea: waandike anwani yao nzima. Na kwa malipo, nenosiri au uhakiki wa akaunti, wasitume linki kabisa. Wamwambie mteja afungue programu au aandike anwani kwa mkono wake.