Maneno ninayoyajua ndiyo ninayoambiwa nifute

Mimi nimeoa hapa Birmingham, Uingereza, kwa watu waliotoka Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan, na hakuna aliyeniambia kwamba ukioa huku unapewa mke na jarida. Jarida la mtaa, kurasa nne, linatoka kila mwezi linagawiwa msikitini na kwa muuza nyama, na baba mkwe ana safu yake mle ndani ambayo anachukua tahariri ya gazeti la Kiurdu la nyumbani kwao anaifupisha. Sasa macho yamechoka, akanigeukia mimi, Mmombasa wa watu, Kiurdu chenyewe nimesoma miaka miwili jioni. Nikamwambia Abu-ji, mimi siwezi. Akasema beta, yani mwanangu, ndiyo maana nakupa wewe, Kiurdu chako cha kitoto, kikikuingia wewe kitamwingia kila mtu.

Ilisikika kama hekima. Kumbe ndipo alipokosea, na mimi ndiye ninayelipia.

Tahariri ilikuwa ya homa ya dengi, msimu wa mvua, na watu wetu wengi huenda Pakistan likizo kwa hiyo ina maana. Nikafungua. Sentensi ya kwanza haina nukta mpaka mstari wa saba, yani unaingia nayo kabla ya chai unatoka nayo chai ishapoa. Inaanza hivi: ye amr bais-e-tashwish he ke... Nikaruka! Bais-e-tashwish, si tashwishi hii, jambo la kututia tashwishi! Nikaendelea, sabab ni sababu, tadad ni idadi, naqis ni nakisi, maraz ni maradhi, waqt ndiyo wakati, wallahi nilikuwa nakata tahariri kama papai. Hata dengi yenyewe, wako wataalamu wanaosema jina lilitoka kwetu pwani, kidingapopo, likasafiri likarudi limevaa suti.

Nikaandika vyangu nikampelekea. Akasoma akavua miwani. "Beta, tashwish nani anasema jikoni?"

Hapo ndipo nikaelewa msiba wangu. Wasomaji wa jarida nyumbani wanaongea Kipahari, Kiurdu wamekutana nacho shule, na hata huko Pakistan kwenyewe sensa ya 2017 ilisema wenye Kiurdu kama lugha ya mama ni kama asilimia 7 tu. Kwao yale maneno ya Kiarabu na Kiajemi ndiyo mazito, na maneno mepesi ni yale ya Kihindi ambayo mimi sina hata moja kutoka chuoni. Kwa hiyo kila neno ninalolijua ndilo natakiwa nifute, na kila ninalotakiwa niweke silijui. Nimekuwa kama mtu anayeambiwa afunge safari lakini viatu vyake aviache mlangoni.

Lawama nawapa makarani. Mwaka 1837 ile Kampuni ya Waingereza huko India iliondoa Kiajemi maofisini na mahakamani, sehemu nyingi za kaskazini kikaingia Kiurdu, basi makarani wakahamia nyumba mpya na makochi yote ya nyumba ya zamani. Wahariri mpaka leo wanakalia makochi yale yale.

Haya, nikaanza upya. Kuna kitu wanakiita izafat, ni kile ki-e kidogo kati ya maneno mawili, hukumat-e-waqt, yani serikali ya wakati huu. Mimi kwangu raha mustarehe, manake ni kama "ya" yetu kabisa, kitu kwanza mwenyewe baadaye. Shida yake gazetini mara nyingi hakiandikwi, unaona maneno mawili yamekaa jirani, ukiwa hujui huna habari kwamba wameoana. Kwa hiyo kurahisisha maana yake unageuza, unasema aaj ki hukumat, "leo" mbele, serikali nyuma, na hiyo ki katikati lazima ijue kama serikali ni mwanamke au mwanamume! Nyuma ya izafat nilikuwa nimejificha, hakuna anayeniuliza jinsia. Sasa nimetolewa nje.

Maji. Gazeti liliandika aab, neno la Kiajemi, nikafuta nikaweka pani, nikajisifu. Sasa mwalimu alitufundisha kwamba vitu vingi vinavyoishia na i ni vya kike, basi nikaandika pani khari rehti he, maji husimama, kikekike. Pani ni ya kiume bwana! Khara rehta! Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango, na mtoto wa shemeji, miaka sita, akanisahihisha huku anakula chipsi.

Baada ya hapo nikapata wazimu wa kufukuza Kiajemi chote. Bimari, ugonjwa, nikagundua ni ya Kiajemi, nikaitoa nikaweka rog. Abu-ji akasema hiyo rog ni ya mtu aliyeachwa na mchumba, wewe unaandika habari ya mbu. Bimari kila mtu anaisema, iache, na shahar iache, na roz iache. Akanipa kipimo chake: usiulize neno limetoka wapi, uliza bibi analitamka akiwa na hasira? Kama analitamka, linabaki.

Basi kwa kipimo hicho nikaacha ule msemo wa kwamba wakubwa masikioni mwao hata chawa hatambai, joon tak nahin rengti, manake maneno ni ya nyumbani matupu, maana yake hawashtuki kabisa. Yule yule wa chipsi akauliza kwani maofisa wana chawa. Nikaweka parwa nahin karte, hawajali. Parwa nayo ni ya Kiajemi. Nimeshanyamaza.

Lakini balaa lenyewe lilikuja nilipoikata ile sentensi vipande. Kwa gazeti ilikuwa inateleza tu, kwamba kwa sababu ya nakisi katika utoaji wa maji machafu wagonjwa wanazidi siku hadi siku. Ukiikata lazima useme nani anafanya nini. Maji yanasimama. Halafu? Mbu wanazaliana. Halafu? Wanauma watu. Gazeti mbu halikumtaja hata mara moja! Mke wangu ni nesi, akapita nyuma yangu akasoma, akasema huyo mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia, ndoo, tangi lisilo mfuniko, tairi, sahani ya chini ya maua, na anauma zaidi mchana, sasa nyinyi mnawaambia watu wakaangalie mtaro tu?

Tukamtazama Abu-ji. Abu-ji akalitazama gazeti, mistari saba, akaipitisha kidole taratibu anamtafuta mbu.

"Na hawa arbab-e-ikhtiyar, wenye mamlaka, wanaolaumiwa ni akina nani?" nikauliza. "Wa jiji au wa jimbo?" Akasema hilo mhariri hakusema. Nikamwambia basi nami nikiandika kirahisi itaonekana kwamba hakusema. Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo maana wanaandika kirefu, beta.

Ikabaki sentensi tano fupi. Funika maji yako, mwaga ya kwenye sahani, vaa mikono mirefu mchana, mtu akiwa na homa asimeze aspirini wala ibuprofen, aende hospitali. Wenye mamlaka wakapata mstari mmoja. Bibi akasomewa akaelewa yote akauliza habari iliyobaki iko wapi.

Abu-ji akafurahi sana, akasema sasa hii ndiyo Urdu, imebaki kichwa cha habari tu, hicho naandika mwenyewe. Akachukua kalamu, na badala ya kusema tu dakika ya kutafakari, akaandika kwa herufi nene: Lamha-e-Fikriya.