Usiku nilioshindana na tundu

Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa zamu, na zamu yetu ni saa tatu usiku. Siku hiyo tenki langu la lita 1,000 lilikuwa na robo tu, na pale chini linapoungana na bomba la kutolea palikuwa na ufa. Fundi alisema atakuja kesho. Mama watoto akasema tukinge ndoo. Mimi, niliyesoma hesabu, nikasema: "Tulia, napiga mahesabu."

Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika 2, kwa hiyo yanaingia lita 10 kwa dakika. Kwenye ufa nikakinga jagi la lita moja, likajaa kwa sekunde 10, kwa hiyo yanatoka lita 6. Zinabaki lita 4 kwa dakika. Zinazohitajika ni 750, gawanya kwa 4, dakika 187 na ushee. Saa sita na dakika nane usiku tenki limejaa. Nikatega simu, nikalala kama mbunge.

Simu ikalia. Nikapanda ngazi na ufito, nikauchovya mpaka chini: umelowa nusu na kidogo. Nikailaumu ndoo. Saa tisa nikachovya tena nikaweka alama ya chaki. Saa kumi na moja nikachovya tena, alama mbili zimeachana unene wa kidole! Saa mbili nzima za maji, kidole kimoja.

Asubuhi fundi alikuja, akasikiliza mahesabu yangu hadi mwisho bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Mzee, ulipima ufa tenki likiwa na robo," akasema. "Maji yakipanda yanakandamiza chini, na ufa unatema zaidi. Kina kikiwa mara nne, kinachovuja kinakuwa mara mbili."

Yaani tenki likijaa, ufa ule ungetema lita 12 kwa dakika, na bomba linaleta 10. Tangu mwanzo halikuwa na njia ya kujaa! Kadiri lilivyopanda, ndivyo lilivyozidi kuvuja, mpaka karibu na lita 700, pale yanayotoka yanapolingana na yanayoingia. Hapo ningengoja hadi Idi.

Nikapiga hesabu ya mwisho, ile chungu. Kwa muda wa saa nane bomba lilileta lita 4,800, mimi nina 430 zaidi ya jana. Zilizobaki, mita imezihesabu zote.

"Sasa zimeenda wapi, mbona uani pakavu?" nikauliza.

Fundi akaonyesha kipande cha bati chini ya ufa, kimeinamishwa vizuri kupita chini ya ua wa makuti. Upande wa pili mama jirani alikuwa anafunika pipa la mwisho.

"Shikamoo baba," akasema. "Leo unajaza tena? Maana mapipa yangu yanajaa kwa dakika ishirini tu, hayana tundu."