Mteja wa kudumu aambiwe bei mpya kwanza, sababu baadaye

Taarifa nyingi za kupandisha bei huanza hivi: "Ili kuendelea kukupatia huduma bora zaidi, tumelazimika kufanya marekebisho madogo ya bei zetu." Mteja wa kudumu akiisoma anaelewa mambo mawili hapohapo: bei imepanda, na aliyeandika anaona haya kusema imepanda kwa kiasi gani. Huduma yenyewe haijabadilika. Atapata ileile ya mwezi uliopita, na yeye anaijua kuliko mtu mwingine yeyote kwa kuwa ndiye anayeipokea. Sababu aliyopewa basi si ya kweli, na kinachomuudhi ni hiyo kuliko nyongeza.

Mimi naona mteja wa aina hii apewe bei mpya na tarehe katika sentensi ya kwanza, kisha sababu, na sababu hiyo iwe hesabu anayoweza kuifuata mwenyewe. Mteja mgeni hana cha kulinganisha. Wa kudumu ana ankara zako zote kwenye faili.

Tuchukue biashara ya usafi wa ofisi. Bei ya zamani tuiite 100. Ndani yake 50 ni mishahara ya wasafishaji, 20 ni sabuni na dawa za usafi, 15 ni usafiri, na 15 inayobaki ni faida. Sasa mishahara imepanda kwa asilimia 10, dawa kwa asilimia 25, usafiri kwa asilimia 20. Haraka haraka mtu huikamata ile 25 na kuiweka kwenye barua, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Lakini dawa ni sehemu ya tano tu ya bei, hivyo kupanda kwake kunaongeza 5. Mishahara nayo inaongeza 5, usafiri 3. Gharama zimetoka 85 hadi 98, na faida imebaki 2.

Hapo kuna njia mbili. Ukitaka faida ibaki asilimia 15 ya bei, utatoza kama 115. Ukitaka ibaki kiasi kilekile cha 15, utatoza 113. Mhasibu wako atapendekeza ya kwanza, na ana hoja, maana hata hiyo 15 yako haitanunua ilichonunua zamani. Kwa wateja wa kudumu mimi ningechagua 113. Tofauti ya 2 unaitoa ili uweze kuandika, bila kudanganya, kwamba nyongeza yote imekwenda kwenye gharama. Sentensi hiyo ina uzito mkubwa kwa mtu anayekujua, na huwezi kuiandika ukiwa umetoza 115.

Barua yenyewe basi inakuwa fupi:

"Ndugu mteja,

Kuanzia tarehe 1 Septemba, bei ya usafi wa ofisi yako itapanda kutoka 100 hadi 113 kwa mwezi. Katika nyongeza hiyo ya 13, mishahara ya wasafishaji imechukua 5, dawa za usafi 5 na usafiri 3. Faida yetu haijaongezeka. Ankara ya Agosti, pamoja na kazi zozote ulizokwisha kuthibitisha, zitabaki kwa bei ya zamani. Kama bei mpya haitaendana na bajeti yako, tafadhali nipigie kabla ya tarehe 20 Agosti tuangalie upya ratiba ya usafi."

Chini yake jina la mwenye biashara na namba yake ya simu. Isisainiwe na "Uongozi". Ipelekwe walau siku 30 kabla, na mapema zaidi kwa mteja ambaye bajeti yake hupitishwa mara moja kwa mwaka. Wateja wakubwa wawili watatu wapigiwe simu kabla barua haijatoka, na wafanyakazi waambiwe kabla ya wote. Msafishaji akiulizwa mlangoni kuhusu bei mpya naye hana habari, barua nzima imeharibika. Mwenye mkataba ambao muda wake haujafika mwisho haguswi mpaka mkataba uishe, isipokuwa mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachoruhusu.

Kuna jambo moja kuhusu sababu ambalo watu hulisahau. Sababu unayoitaja leo utadaiwa kesho. Ukiandika kwamba ni usafiri tu uliopanda, siku nauli ikishuka mteja atarudi na barua yako mkononi, na atakuwa na haki. Mishahara kwa kawaida haishuki, kwa hiyo ni sababu inayodumu. Usafiri hupanda na kushuka. Ndiyo maana napenda mgawanyo uandikwe wazi: usafiri ukirudi ulivyokuwa, mnajua wote kwamba kinachozungumzwa ni 3, si 13. Faida yako unayobaki nayo si lazima uitaje kwa namba. Mteja anastahili kujua kilichopanda. Mfuko wako ni wako.

Hofu ya kukimbiwa nayo ipigiwe hesabu. Tuseme una wateja 20, na wafanyakazi utawalipa wote hata wateja wachache wakiondoka. Kwa bei ya zamani, kila mteja akishalipia dawa na usafiri wa sasa, yaani 43, anakuachia 57. Wote 20 wanakuachia 1140. Kwa bei mpya kila mmoja anakuachia 70. Wakiondoka watatu, waliobaki 17 wanakuachia 1190, bado uko juu. Akiondoka wa nne unabaki na 1120, umeshuka. Mpaka wako basi ni wateja watatu. Ukiwapitia wateja wako jina kwa jina ukaona wanne au watano wako mguu nje tayari, nyongeza ya 13 kwa mkupuo mmoja ni kubwa mno, na ni afadhali kuigawa mara mbili huku barua ikizitaja tarehe zote mbili tangu mwanzo.

Halafu atapiga simu yule anayeomba aachwe kwenye bei ya zamani. Usimpe. Walionyamaza na kulipa ndio watakaokuwa wamepunjwa, na habari ya punguzo la kificho husafiri haraka. Punguza kazi badala ya bei: kama alikuwa anasafishiwa siku tano, zikiwa nne utaokoa sehemu ya mishahara, dawa na safari, naye atabaki karibu na bajeti yake. Kibaya kabisa ni kupunguza kimyakimya, dakika kumi hapa, dawa iliyoongezwa maji pale. Sakafu itakusema kabla ya mwezi kuisha.

Anayelalamika kwa sauti, nionavyo, mara nyingi hana nia ya kuondoka, anataka asikilizwe. Wa kuangaliwa ni yule asiyejibu barua, kisha anaacha kuagiza kazi za ziada, kisha anaanza kuchelewesha malipo. Fuatilia ankara zake miezi miwili ya kwanza, na umpigie wewe kabla hajatafuta mwingine.