Nauli ya ziyara haimtoi mtu kwenye dini

Ziyara ya Bagamoyo ikikaribia, huku Ujiji ugomvi ni uleule, mmoja anasema ukipanda treni kwenda kwenye kaburi la Sheikh Ramiya umeshamshirikisha Mungu, mwenzake anamjibu we Wahabi tu, basi hapo hata salamu barazani zinakata. Mi kwetu ni tarika ya Kadiria na ziyara naenda, lakini naona tunagombana bila kujua ugomvi wenyewe uko wapi.

Kuzuru makaburi hakuna shida, Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza kisha akaruhusu, hadithi iko kwa Muslim. Ishu ni safari. Kuna hadithi nyingine inasema watu wasifunge safari ila kwa misikiti mitatu, wa Makka, wa Madina na wa Aqsa. Sasa kilichokatazwa ni kufunga safari kufuata msikiti mwingine, au kufuata mahali popote pa baraka? Ghazali alisema ni misikiti, maana ukitoa ile mitatu iliyobaki fadhila zake ni sawa, huna sababu ya kuacha msikiti wa mtaani kwako Ujiji ukasali wa Tabora, ila mawalii daraja zao hazilingani kwa hiyo makaburi yao hayamo humo.

Na hapa ndo wengi hawajui. Aliyesema safari hiyo ni haramu ni Abu Muhammad al-Juwayni, Mshafii kama sisi, kafa 1047, karne nyingi kabla hao Mawahabi hawajakuwepo. Mwanawe, Imamul Haramain, akampinga babake, na Nawawi akaipa nguvu kauli ya mtoto, kwamba si haramu wala si makuruhu. Baba na mwana, madhehebu moja, na hakuna aliyemkafirisha mwenzie! Hata Ibn Taymiyya, ambaye Mawahabi wanamtegemea sana, alipofungwa Damascus mwaka 1326 kwa fatwa yake, nayo ilikuwa ya safari, kuzuru bila kufunga safari hakukataza.

Ila na sisi watu wa ziyara tuambizane ukweli. Ukifika unatoa salamu, unasoma Yasin, unamuomba Mungu. Ukisema "Ya Rabbi, kwa heshima ya mja wako huyu", hiyo ni tawasuli, mashekhe wetu wengi wameikubali. Lakini nimemsikia mtu kashika kitambaa cha kaburi anasema "Sheikh, nipe mtoto", hapo sikubali kabisa, na hata aliyetoka nyumba ya tatu kwa miguu kosa lake ni lilelile, nauli haihusiani. Walii kwenye Sura Yunus ni aliyeamini na akamcha Mungu, basi, na masufi wenyewe wamebishana kama walii anaweza hata kujijua kuwa ni walii. Sheikh Ramiya alitokea upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu hili, akafika Bagamoyo mtoto tena mtumwa, akaja kuwa khalifa wa Kadiria mpaka kufa kwake 1931. Mi nafunga safari kumuombea na kuhudhuria dhikri, na anayeona nisiende ana Juwayni nyuma yake, namheshimu, ila anayenitoa kwenye Uislamu kwa ajili ya tiketi aniambie huyo Juwayni alimtoa nani.